Nimefungwa hogo wiki ya saba: gemu gani la kuvua au la gofu linatuliza kweli?

MiambaYaCapri (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naishi Mabatini hapa Mwanza, chumba cha mlimani. Bodaboda iliniangusha, na wiki ya saba sasa mguu wa kulia uko kwenye hogo. Daktari kasema bado wiki tano au sita. Kushuka zile ngazi za mawe kwa magongo siwezi, kwa hiyo siku inapita kitandani au kwenye kiti, na dirisha langu linatazamana na ukuta wa jirani.

Kabla ya hapo kila Jumapili alfajiri nilikuwa Capri Point kwenye miamba, na fimbo yangu na kopo la minyoo. Sikuwa nafuata kitoweo. Siku nyingi nilirudi na sato wawili wadogo, au furu tu ambao niliwarudisha majini. Nilichokuwa nafuata ni zile saa mbili za kutazama boya, maji yakipiga jiwe, furukombe akilia upande wa Saanane. Nikirudi nyumbani kichwa kilikuwa chepesi hadi Alhamisi.

Nimejaribu gemu moja la kuvua kwenye simu. Kila samaki akitoka skrini inalipuka nyota, masanduku ya zawadi yanafunguka, tangazo linaingia. Nikalizima moyo ukinienda mbio.

Naomba mnisaidie. Kuna gemu la uvuvi, la gofu, au mchezo wowote wa nje wa taratibu unaoweza kunipa hata robo ya ile hali? Laptopu yangu ina RAM 8, picha ni Intel HD ya ndani, haina kadi. Bando nabana sana.

---

KijanaWaNyegezi

Pole sana kaka. Cheza DREDGE. Unaendesha mashua, unavua, kuna visiwa, muziki mzuri, na laptopu ya kawaida inaibeba. Mimi nimeimaliza mara mbili. Usitafute kingine.

---

Chubwi_Kirumba

KijanaWaNyegezi, DREDGE ni nzuri mno, ila kwa huyu ndugu hapana. Mchana unavua kweli, lakini kila ukivua au kutembea saa inakimbia, na usiku ukikukuta nje nahodha anaanza kupagawa kwa hofu, miamba inatokea pasipokuwa na miamba. Ni hadithi ya kutisha iliyovaa nguo za uvuvi. Mtu anayelala chumba kimoja na maumivu ya mguu usimpe hiyo.

Mleta uzi, pole. Mimi nimecheza gemu za kuvua tangu 2016, na kuvua kwenyewe nilifundishwa na babu yangu Igombe, kwa hiyo nakuelewa unachokosa. Umesema kitu kimoja ambacho wengi hapa watakiruka: ulikuwa unatazama boya. Hilo ndilo la kushikilia. Gemu nyingi za kuvua zimejengwa juu ya pambano, yaani samaki kashika, unavuta, anakimbia, unavuta. Pambano ni tamu lakini halitulizi. Utulivu upo kwenye muda kabla ya samaki kushika, na gemu nyingi zinaukata muda huo kwa sababu zinaogopa utachoka.

Kwa hiyo tafuta gemu linalokuacha usubiri, na ndani yake chagua uvuvi wa boya. Achana na ule wa kurusha chambo cha bandia na kuvuta, kurusha na kuvuta. Huo mkono haupumziki hata dakika moja.

Pendekezo langu ni Fishing Planet. Ni ya bure kwenye Steam, imekuwepo tangu 2015, na boya lake linafanya kama boya. Ina mabaya mawili nitakayoyasema wazi. La kwanza, haichezeki bila intaneti. La pili, ina fedha zake za ndani: siku ya kukaa ziwani unalipia, leseni ya kuvua unalipia, na vifaa vizuri vinauzwa ghali ili ushawishike kutoa pesa ya kweli. Ukiingia kwenye mbio hizo umerudi kulekule kwa nyota na masanduku.

Dawa yake ni kutohama. Ziwa la kwanza unaloanzia linaitwa Lone Star Lake, liko Texas kwenye ramani ya gemu, na gharama zake ni ndogo kuliko kwingine. Kaa hapohapo. Usiingie mashindano. Funga dirisha la maongezi ya wachezaji wengine. Samaki wachache unaowaweka kwenye wavu wanatosha kulipia siku inayofuata, na hapo fedha inaacha kukusumbua.

---

FundiKompyuta_Igoma

Naongeza upande wa mashine. Ninayo kwenye laptopu ya RAM 8 yenye Intel HD 620. Inaenda nikishusha picha hadi Low na skrini 1280x720. Majani ya mbali yanakuwa mabaya, ila maji yanabaki mazuri, na maji ndiyo unayoyatazama. Kama Intel yako ni ya zamani kuliko hiyo, jiandae kwa kukwamakwama.

Kuhusu bando: usilipakue kwako, ni GB nyingi. Tafuta mtu mwenye gemu tayari, nakili folda yake nzima kwa flashi au hadi diski ya nje. Iko hapa:

```
Steam\steamapps\common
```

Kwako weka Steam, fungua akaunti yako, bandika ile folda mahali hapohapo, halafu bonyeza Install. Steam itakagua mafaili, itakuta yapo, na itapakua yaliyopungua tu. Nimewafanyia watu wanne hapa Igoma. Linalochosha ni masasisho: yakija, hayakwepeki, kwa sababu gemu la mtandaoni halikuruhusu kuingia na toleo la zamani.

Ukiwa ndani unacheza, bando linalokwenda si kubwa. Shida ni mtandao kukatika. Ukikatika samaki akiwa kwenye ndoana, umempoteza.

---

MamaTumaini_Isamilo

Poleni wote, na pole sana mleta uzi. Mimi sijui uvuvi wa kwenye kompyuta, nimekuja kwa ajili ya neno gofu.

Baba yangu ana miaka 71. Alifanyiwa upasuaji wa jicho mwaka jana akaambiwa asitoke juani. Ni mtu wa bustani, amezoea kushika udongo, na kukaa ndani kulimfanya awe mkali hadi kwa wajukuu. Mdogo wangu akamwekea kwenye simu gemu linaitwa Desert Golfing. Nikaona picha nikasema hii ni nini. Mchanga wa rangi ya chungwa, anga, mpira mweupe, kibendera. Hakuna mti, hakuna mtu, hakuna muziki.

Unaweka kidole popote kwenye skrini, unavuta nyuma kama manati, unaachia. Mpira unaruka, unadunda, unateleza mchangani, unasimama. Ukiingia shimoni, skrini inasogea pembeni na shimo linalofuata linaanzia pale lile la kwanza lilipoishia. Juu kuna namba ya mapigo yote uliyopiga tangu siku ya kwanza. Basi. Halina matangazo, ulilipia mara moja tu kulinunua.

Baba yuko shimo la mia nane na kitu. Anacheza asubuhi baada ya chai na jioni akisubiri taarifa ya habari. Rangi ni mbili, maandishi makubwa, jicho halimuumi. Na mtandao hauhitajiki hata kidogo.

---

ZuhuraGamer

MamaTumaini, nalijua hilo, la 2014, ila mimi lilinitesa. HALINA KUANZA UPYA. Nilikuwa shimo la 40 hivi, mpira ukawa unarudi kila nikipiga kwenye mteremko, nikapiga mara 23 shimo moja. Zile 23 zimebaki kwenye jumla yangu milele. Utulivu gani huo?

---

MamaTumaini_Isamilo

Mwanangu, nilimuuliza baba swali hilohilo. Akaniambia kwamba kwa sababu hakifutiki, hakuna haja ya kukipigania. Shimo baya anapiga tu hadi litoke, halafu linafuata jingine. Lingekuwa linaruhusu kurudia, angekaa kwenye shimo moja mchana kutwa akitafuta pigo zuri. Yeye ni hivyo hata kwenye kupanga mahindi.

Labda inategemea mtu na mtu.

---

Chubwi_Kirumba

Mzee kasema jambo la maana. Nami nina Desert Golfing, na siri yake ni kuacha kutazama ile namba ya juu. Kwenye ule mteremko, Zuhura, kupiga kwa nguvu ndiko kunakurudisha. Mpira ukitua kwenye mwinuko mkali unateleza hadi chini. Piga juu sana, karibu wima, ili ukitua usiwe na mwendo wa pembeni, au piga upite kilele chote na kurudi ukitokea upande wa pili.

Mleta uzi, angalia kwanza kama simu yako inalikubali, maana ni gemu la siku nyingi. Mtengenezaji wake alitoa jingine 2020, Golf on Mars, mtindo uleule kwenye ardhi nyekundu.

---

MiambaYaCapri (mleta uzi)

Asanteni sana, jamani. Fundi wa Igoma kaja mwenyewe jana na diski, kanibandikia Fishing Planet. Kaka, Mungu akubariki, hata soda ulikataa.

Nimekaa ziwani usiku wa kuamkia leo. Nimevaa visikizi, nikazima taa. Nawaambia ukweli: vyura walipoanza kulia nilishusha pumzi ambayo sikujua nimeishikilia. Lakini uvuvi wenyewe haujaenda. Nimekaa karibu dakika arobaini, boya limelala kifudifudi juu ya maji, halitikisiki. Baadaye nikabadilisha mahali, likaanza kudonoadonoa, kila likitikisika navuta, ndoana inarudi tupu. Mara moja tu nilinasa kitu kikubwa, mshipi ukakatika. Nimekosea wapi?

---

Bwana_Ndoana

Mshipi weka mnene kabisa. Nunua ule wenye nguvu kuliko yote dukani, hutakatikiwa tena maisha. Na ndoana weka namba kubwa ili samaki asitoke. Mimi nafanya hivyo.

---

Chubwi_Kirumba

Bwana_Ndoana, umepatia nusu. Mshipi mnene haukatiki, sawa. Lakini nguvu ya samaki haipotei, inakwenda kwenye kitu kinachofuata kwa udhaifu. Mshipi ukiwa na nguvu kuliko fimbo, itavunjika fimbo. Ukiwa na nguvu kuliko rili, itakufa rili. Kwenye gemu hili ukikatikiwa mshipi unapoteza ndoana na kipande cha mshipi, vitu vya bei ndogo. Ukivunja fimbo unalipa fundi au unanunua nyingine, na mleta uzi anajikuta anavua ili alipe deni, jambo tulilomwambia alikimbie.

Mshipi uwe ndiyo kiungo dhaifu, na breki ya rili iwe chini ya mshipi. Chukua mfano fimbo inabeba kilo 4, rili kilo 4, mshipi weka wa kilo 3. Halafu breki uilegeze ili samaki akivuta kama kilo 2 rili iachie mshipi utoke wenyewe. Samaki anakimbia, rili inalia, hakuna kinachokatika. Wewe mleta uzi nadhani uliiacha breki imekazwa kama ulivyoikuta.

Pale pembeni kuna alama zinazoonyesha mzigo kwenye fimbo, rili na mshipi. Rangi ikianza kuwa njano, acha kuzungusha. Usifanye lolote. Mwache akimbie hadi achoke, ndipo uzungushe tena taratibu. Kwa mtu anayetafuta utulivu hili ni zuri zaidi ya kuwahi kumtoa, kwa sababu hata pambano linakuwa la kusubiri.

Sasa boya. Boya lililolala kifudifudi lilikuwa linaongea nawe. Boya linasimama kwa sababu chubwi na chambo vinalivuta kwa chini. Mshipi wa chini ya boya ukiwa mrefu kuliko kina cha maji, chubwi inakaa sakafuni, hakuna kinacholivuta tena, linalala. Kwa dakika arobaini minyoo yako ilikuwa kwenye tope. Unalijua hili Capri Point, ila pale miamba inashuka ghafla na maji ni marefu hatua moja kutoka jiweni, kwa hiyo hukuwahi kupata shida hiyo. Lone Star kandokando ni kina kifupi.

Fanya hivi. Kwenye dirisha la vifaa kuna kipimo cha urefu wa mshipi chini ya boya. Anza na sentimita 100, rusha. Likilala, toa 20, rusha tena. Endelea hadi lisimame wima. Hapo umepima ziwa bila kipimo: chambo kinaelea sentimita chache juu ya sakafu, na ndipo wale samaki wadogo wanapotafuta chakula. Ukihama hatua kumi, pima upya. Mimi napenda sehemu hiyo kuliko kukamata.

---

MzeeLuchelele

Shikamooni kwa wakubwa, marahaba kwa vijana. Nimesomewa uzi huu na mjukuu.

Mimi nimetega ndoana za sangara miaka mingi, Luchelele hadi Ukerewe. Huyu anayesema namba kubwa ya ndoana, sisi kwetu namba ikipanda ndoana inapungua. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Mkienda dukani Mwaloni mkaomba kwa mawazo hayo mtarudi na zisizofaa. Hapo kwenye kompyuta ikoje?

---

Chubwi_Kirumba

Marahaba mzee... samahani, shikamoo mzee wangu. Kwenye gemu ni hivyohivyo ulivyosema, namba ikipanda ndoana inapungua. Isipokuwa zile zinazoandikwa na mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 3/0. Hizo zinapanda kweli, 3/0 ni kubwa kuliko 1/0. Ndizo za samaki wakubwa.

Na hapa ndipo lipo tatizo la mwisho la mleta uzi, la kudonoadonoa. Pale ziwani kuna samaki bapa wa saizi ya kiganja, jina lake kwenye skrini ni bluegill. Kinywa chake kidogo. Ukimpa ndoana kubwa, anamega mnyoo pembeni bila kugusa chuma, kama furu wanavyokufanyia miambani. Shusha ndoana hadi ndogo, mnyoo uwe kipande.

Na usivute kila boya likitikisika. Kutikisika ni kuonja. Subiri lizame lote, au lianze kwenda pembeni kwa mwendo mmoja. Ndipo unyanyue fimbo, mara moja, si kwa nguvu.

---

MzeeLuchelele

Asante kijana. Kama ni hivyo basi aliyelitengeneza amewahi kuvua.

Lakini nina neno. Mnasema maji ya kwenye kioo yanatuliza. Mimi ziwa halijawahi kunituliza, ziwa lilikuwa kazi. Usiku wa giza upepo ukigeuka, hakuna anayesikiliza ndege. Wajukuu wanakaa kutazama boya la kwenye kioo na kusema wamepumzika, nami siwakatazi, ila sioni kinachopumzisha.

---

MiambaYaCapri (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Nimekusikia, na sitaki kulinganisha Jumapili zangu na kazi yako. Marehemu baba naye alikuwa mvuvi wa dagaa, alitoka na karabai siku zote zisizo na mbalamwezi, na siku ya mapumziko hakutaka kuliona ziwa. Mimi nimelipata ziwa likiwa la kupumzikia kwa sababu yeye alilifanya kazi.

---

Mtulivu_Buswelu

Naona hakuna aliyetaja Ultimate Fishing Simulator. Ya 2018, inauzwa, unalipa mara moja, na inachezeka bila mtandao kabisa. Hakuna mtu mwingine ziwani. Kwa mtu wa kubana bando naiona bora kuliko hiyo ya bure. Ina hata kamera ya chini ya maji, unaona samaki anavyokisogelea chambo, anakizunguka, anaondoka, anarudi. Mimi ndiyo inanituliza, kama kutazama tangi la samaki.

---

Chubwi_Kirumba

Kwa mtandao uko sahihi kabisa, na kama umeme na bando vinamsumbua, hiyo ni njia nzuri kwake. Pambano lake ni jepesi zaidi na boya lake halina ufundi kama la Fishing Planet, lakini si baya.

Kuhusu kamera ya chini ya maji tunatofautiana. Ukiona samaki anakuja, umeshaanza kumngoja yeye. Mabega yanapanda. Nguvu ya boya ni kwamba chini hukuoni. Unaweza kukaa nusu saa bila kujua kama kuna samaki au hakuna, na akili inakubali. Mimi ningeizima.

---

Mtulivu_Buswelu

Mimi nikiizima naanza kuwaza kodi ya nyumba na ada za watoto. Nikiiwasha natazama samaki tu. Kwa hiyo ndugu ajaribu zote mbili.

---

ZuhuraGamer

Na kwa wenye PS4, PGA Tour 2K21 inaweza kufanya kazi hii, mradi usiingie mashindano. Cheza raundi ya peke yako, nenda kwenye setingi za sauti, watangazaji washushe hadi sifuri. Wakinyamaza unabaki na upepo, ndege, na mlio wa mpira. Kosa wanalofanya watu ni kuacha wale watangazaji wakisema kila pigo lako lilivyoharibika. Hapo huwezi kupumzika, ni kama kupiga mpira mbele ya mashemeji.

Ila pigo lake linataka kidole kishuke na kupanda kwa mwendo uleule kila mara, ukiharakisha mpira unakwenda pembeni. Siku nikiwa na hasira siliwashi.

---

KijanaWaNyegezi

Nimesoma yote. Nakubali niliharakisha na DREDGE, sikusoma vizuri alichoomba. Pole tena kaka. Nina Ultimate Fishing Simulator kwenye akaunti yangu, ukitaka nikuletee laptopu yangu Jumamosi ujaribu kabla ya kununua, mimi napita Mabatini.

---

MiambaYaCapri (mleta uzi)

Njoo kaka, karibu sana, uliza duka la mkaa chini ya ngazi watakuelekeza.

Ripoti ya wiki. Nilipima kama alivyosema Chubwi. Nilianza 100, boya likalala. 80, likalala. 60, likainama upande. 50, likasimama. Nilicheka peke yangu chumbani. Ndoana nikashusha, mnyoo nusu. Likaanza kudonoadonoa, nikaikaza mikono isivute. Likadonoa, likatulia, likadonoa, halafu likaenda pembeni polepole kama mtu anayelivuta kwa uzi. Nikanyanyua. Bluegill wa kiganja. Nimewapata sita hadi jua la kule linazama, nikawaachia wawili wadogo.

Wa saba alikuwa mkubwa, sikumwona. Breki nilikuwa nimeilegeza, rili ikalia, nikaacha mikono. Alikimbia mara tatu. Mara ya nne akaja, largemouth bass, mdomo kama wa sangara mchanga. Na mshipi mzima.

Mambo mawili niliyojifunza mwenyewe, yanaweza kumfaa mwingine. Leseni ya mwanzo hairuhusu kuvua usiku, na nilikuwa naikasirikia hilo, ila sasa naona linanisaidia: jua likizama ziwani nazima laptopu na kulala. Zamani nilikuwa nakesha. La pili, sauti ni nusu ya gemu au zaidi. Siku moja visikizi viliisha chaji nikacheza bila sauti, ikawa ni kutazama kijiti kwenye skrini. Nilizima baada ya dakika kumi.

Jana umeme ulikatika saa moja jioni, laptopu ikafa saa mbili. Nikawasha ile gofu ya mchangani, simu yangu imelikubali. Nipo shimo la 31. Lile la 18 lilinichukua mapigo tisa, nimelipita.

---

MamaTumaini_Isamilo

Baba anakusalimu. Anasema ukifika penye mteremko mkali kushoto, usipige kwa nguvu.

---

MzeeLuchelele

Mjukuu ameniwekea hilo la boya. Nimekaa nalo leo baada ya swala ya alasiri. Naomba kuuliza: mawimbi ya hapo hayabadiliki upepo ukigeuka, au ni mimi sijaona? Boya langu linakwenda kushoto wakati wote.

---

Chubwi_Kirumba

Mzee, shikamoo. Nimekaa nalo miaka yote hiyo na sijawahi kuliangalia hilo kwa makini. Ngoja niingie leo jioni nilitazame.